Sufuria kwa pathi, zulia kwa maski

Mteja wangu wa vyombo vya nyumbani aliniomba nibadili rangi ya jalada la katalogi kutoka nyeupe kuwa maruni, jioni ya kuamkia siku ya kupeleka faili kwa mchapaji. Halafu akataka na sufuria ya ukurasa wa 6 ipande jaladani, tena kubwa mara mbili. Nilikubali bila kufikiri. Nilipoiweka tu pale juu ya maruni, sufuria ikazungukwa na uzi mweupe, na ukingo wake ukawa na ukungu kama umepigwa pumzi.

Nilikuwa nimeitenga na mandhari yake kwenye Photoshop kwa maski, yaani pazia linaloficha sehemu za picha. Maski imeundwa kwa pikseli kama picha yenyewe, na kila pikseli inaweza kuonekana yote, kufichwa yote, au kuonekana nusunusu. Kwenye ukurasa wa 6 sufuria ilikuwa na upana wa sentimita 5 kwa pikseli 300 kwa inchi, yaani karibu pikseli 590. Ukingo uliofifia kwa pikseli 2 pale ni milimita 0.17, jicho halishtuki. Ukiikuza mara mbili, picha inabaki na pikseli 150 kwa inchi, na ule ukungu unafika milimita 0.34. Uzi mweupe nao ulitoka studio: pikseli za ukingoni zilikuwa zimechanganyika na karatasi nyeupe ya nyuma. Juu ya ukurasa mweupe zilijificha.

Pathi, yaani mstari unaouchora kuzunguka chombo, haina pikseli. Ni mstari wa hesabu, kwa hiyo mashine ya kutengeneza pleti huuchora kwa uwezo wake wote, mara nyingi nukta 2400 kwa inchi, hata kama picha iliyo ndani ni ya 300. Ndiyo maana ukingo wa pathi hutoka mkali kama bati lililokatwa. Lakini haiongezi ubora wa picha: sufuria yangu ya jaladani ilipata ukingo safi, ila tumbo lake lilibaki na ulaini wa pikseli 150. Ilibidi niombe picha kubwa zaidi.

Niliirudia kwa Pen Tool usiku ule. Mstari niliupitisha ndani ya chombo, pikseli 1 hadi 2 kutoka ukingoni, ili ule weupe ubaki nje. Mdomo wa sufuria ni duara lililolala, na pointi 4 zinautosha. Ukiweka 20 utapata mdomo wenye vibonge. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuchagua kwa kubofya kisha kuamuru Make Work Path. Matundu ya mikono niliyachorea pathi zake ndogo na kuziweka Exclude Overlapping Shapes, la sivyo unachapa sufuria juu ya maruni yenye mikono iliyozibwa kwa weupe.

Mwisho, bofya mara mbili jina Work Path ulipe jina lako, kwa sababu Work Path ni ya muda na ukianza kuchora nyingine inaweza kufutwa. Kisha kwenye menyu ya paneli ya Paths chagua Clipping Path. Sehemu ya Flatness mimi huiacha wazi. Raha ya pathi ni kwamba inasafiri hata ndani ya JPEG, jambo ambalo maski haiwezi. Kwenye InDesign, programu ya kupanga kurasa, ikiwa haikujikata yenyewe, nenda Object > Clipping Path > Options, na kwenye Type uchague Photoshop Path.

Kwa kunogewa, nikakata kwa pathi hata zulia la manyoya la ukurasa wa 14. Likatoka kama limenyolewa na kinyozi mwenye haraka. Manyoya hayana ukingo mmoja: unywele mwembamba kuliko pikseli lazima uwe nusu zulia, nusu rangi ya nyuma, na pathi haijui nusu. Hapo nilirudi kwenye maski ya leya, nikahifadhi PSD na kuiweka InDesign bila kuikata tena. Usichague Alpha Channel kwenye ile Type, maana programu huigeuza maski kuwa mstari mkali, na manyoya yanaondoka yote.

Zulia lilikuwa na pande mbili zilizoshonwa pindo nyoofu, kwa hiyo hizo nilizikata kwa maski ya vekta kwenye leya ileile, na manyoya tu yakabaki kwa maski ya pikseli. Muulize mchapaji anapokea PDF ya aina gani: PDF/X-4 hubeba uwazi wa maski hiyo jinsi ulivyo, lakini PDF/X-1a huubapa, na wakati mwingine mistari myembamba hujitokeza mahali pa kuungia.

Sasa kila picha, kabla haijaondoka kwangu, naiweka leya ya maruni chini yake na kuikuza asilimia 200. Mteja haruhusiwi kunishtukiza mara mbili.