Mlinganyo Haukufika: Kipi Kinajibika, Kipi Hakijibiki

*Swali la wiki: "Mdogo wangu yuko kidato cha tatu hapa Tanga. Mazoezi ya kemia yanamfikia kwenye simu yameandikwa 'Sawazisha mlinganyo ufuatao', na chini yake hakuna kitu. Ajibu nini?"*

Kwanza amuulize mwalimu, na aulize kwa namna itakayoeleweka. Akisema tu "swali la nne sijalielewa", mwalimu atadhani kemia ndiyo iliyomshinda, ataanza kumweleza upya jinsi ya kusawazisha, na mlinganyo utabaki hukohuko uliko. Aandike hivi: "Shikamoo mwalimu. Swali la 4 limenifikia bila mlinganyo. Baada ya maneno 'mlinganyo ufuatao' kuna nafasi tupu, halafu kinafuata kipengele (a). Naomba unitumie mlinganyo wenyewe." Ujumbe wa namna hiyo mwalimu anaujibu kwa mstari mmoja.

Mimi nafundisha tuisheni Ngamiani, na mazoezi ya aina hii naletewa kila muhula. Kinachoniuma ni jinsi majibu yanavyopatikana upesi. Mwanafunzi mmoja anakumbuka mlinganyo fulani ulioko kwenye daftari lake, anausawazisha, anapata 1, 3, 2, 3, na wenzake wote wananakili. Daftari zinajaa, kazi inaonekana imekwisha, kumbe swali la mwalimu halijajibiwa na yeyote. Wamejibu swali alilolitunga mwenzao. Hilo si dogo, kwa sababu mtoto anazoea kuamini kwamba jibu linaweza kuwepo hata pale ambapo hakuna kilichoulizwa.

Kusawazisha ni kuhesabu atomu za pande mbili na kuongeza namba za mbele ya fomula mpaka hesabu zilingane. Fomula zenyewe haziguswi. Bila fomula, basi, hakuna cha kuhesabu. Lakini mara nyingi swali huja na vipengele vingine chini yake, na humo ndimo mna mabaki ya mlinganyo uliopotea. Wakati anasubiri jibu la mwalimu, mdogo wako ayasome mabaki hayo kwa makini, kisha atenganishe linalojibika na lisilojibika.

Nichukue zoezi moja nililoletewa kwenye simu. Lilisema: "Sawazisha mlinganyo ufuatao", pakawa patupu, kisha: "(a) Tafuta uzito wa chuma kitakachopatikana kutokana na gramu 16 za oksidi ya chuma. (b) Tafuta ujazo wa kaboni dayoksaidi itakayotoka, katika halijoto na kanieneo sanifu. (Fe = 56, O = 16, C = 12)."

Wanafunzi wengi huupita ule mstari wa mwisho wenye uzito wa atomu, nao ndio unaosema mengi. Mwalimu huorodhesha elementi atakazozihitaji kwenye hesabu. Hapa aluminiamu haimo, hidrojeni haimo. Oksidi ya chuma inaweza kunyang'anywa oksijeni yake na aluminiamu, na hidrojeni, na kaboni, na kaboni monoksaidi. Kwa kuwa kipengele (b) kinataja kaboni dayoksaidi, na C imo kwenye orodha, tunabaki na mbili za mwisho: kaboni yenyewe au kaboni monoksaidi. Ni ipi kati ya hizo? Orodha haisemi, maana zote mbili zina C.

Sasa oksidi. Chuma kina oksidi tatu zinazofundishwa shuleni: FeO, Fe2O3 na Fe3O4. Swali limesema "oksidi ya chuma" bila kusema ni ipi. Moli moja ya Fe2O3 ina gramu 160, kwa hiyo gramu 16 ni moli 0.1 kamili. Moli moja ya FeO ina gramu 72, na 16 kugawanya kwa 72 inatoa 0.222 na kuendelea. Fe3O4 ina gramu 232, nayo inatoa karibu 0.069. Mwalimu anayetunga zoezi huchagua uzito utakaogawanyika vizuri, na gramu 16 zimekaa kama zilizokatwa kwa ajili ya Fe2O3. Hii ni dalili nzuri, ila mwanafunzi asiiite ushahidi. Ushahidi ungekuwa jibu la nyuma ya kitabu. Kama jibu la (a) ni gramu 11.2, basi oksijeni ni gramu 4.8. Chuma ni moli 0.2, oksijeni moli 0.3, yaani mbili kwa tatu, na hapo Fe2O3 imethibitika. Kwa Fe3O4 jibu lingekuwa karibu gramu 11.6, na kwa FeO karibu 12.4.

Tukiichukua Fe2O3, milinganyo miwili inalingana na maneno yaliyobaki. Wa kwanza ni wa kaboni monoksaidi. Molekuli moja ya CO inachukua atomu moja tu ya oksijeni ili iwe CO2. Fe2O3 ina atomu tatu za oksijeni za kuondolewa, kwa hiyo zinahitajika CO tatu:

```
Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2
```

Wa pili ni wa kaboni. Atomu moja ya C inachukua oksijeni mbili ili iwe CO2. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo tunachukua Fe2O3 mbili, oksijeni zinakuwa sita, na kaboni tatu zinatosha:

```
2Fe2O3 + 3C → 4Fe + 3CO2
```

Yote miwili imesawazishwa sawasawa. Hesabu chuma, hesabu kaboni, hesabu oksijeni, utaona hakuna kilichozidi wala kupungua. Ndiyo maana namwambia kila anayekuja kwangu kwamba mlinganyo kukubali kusawazishwa hakuonyeshi kwamba ndio ulioulizwa.

Twende kwenye (a). Katika mlinganyo wa kwanza, moli 0.1 ya Fe2O3 inatoa moli 0.2 za chuma. Katika wa pili, Fe2O3 mbili zinatoa chuma nne, kwa hiyo moli 0.1 inatoa 0.2 vilevile. Moli 0.2 mara 56 ni gramu 11.2. Jibu halibadiliki, na sababu yake ni rahisi: chuma chote kilichokuwa ndani ya oksidi ndicho kinachotoka, awe ameiondoa oksijeni nani. Kipengele (a) kinajibika hata kabla mwalimu hajajibu, mradi mwanafunzi aandike juu kwamba ameichukulia oksidi kuwa Fe2O3.

Kipengele (b) hakiko hivyo. Kwa kaboni monoksaidi, moli 0.1 ya Fe2O3 inatoa moli 0.3 za CO2. Moli moja ya gesi katika halijoto na kanieneo sanifu, kwa kipimo kinachotumika shuleni, ni lita 22.4, kwa hiyo tunapata lita 6.72. Kwa kaboni, moli za CO2 ni 0.15, na ujazo ni lita 3.36, nusu kamili ya ule wa kwanza. Hapo hakuna ujanja wa kuamua. Wapo watakaosema ni CO, kwa kuwa ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma kazi kubwa hufanywa na kaboni monoksaidi na ndivyo daftari nyingi zinavyoandika. Huenda wako sahihi, lakini mwalimu angeweza kabisa kuandika C. Muda wa kukusanya ukifika kabla ya jibu, mdogo wako aandike: "Mlinganyo haukuonekana kwenye nakala yangu. Nikichukulia ni CO, jibu ni lita 6.72, nikichukulia ni C, ni lita 3.36." Mwalimu mwenye haki ataona kwamba huyu anaijua kazi yake.

Kuna hali nyingine mbaya zaidi ya nafasi tupu, nayo ni mlinganyo uliofika nusu, kwa sababu unaonekana mzima. Nimewahi kuletewa huu:

```
FeO + CO à Fe + CO
```

Hiyo `à` ni mshale. Katika Word, ukiandika alama `-->` kwa kibodi, programu huzigeuza kuwa mshale wa fonti ya Wingdings. Maandishi yakihamia mahali pasipo na fonti hiyo, mshale unarudi kuwa herufi `à`. Hilo halina madhara ukishalijua. Madhara yako kwenye namba ndogo za chini zilizodondoka. Mtoto anahangaika kwa nusu saa na huo mlinganyo, nao hausawazishiki kabisa. Tazama kaboni: idadi ya CO kushoto lazima iwe sawa na ya CO kulia. Zikishakuwa sawa, oksijeni za CO zimelingana zenyewe, na oksijeni ya FeO inabaki haina pa kwenda. Uweke namba yoyote mbele, hali ni ileile. Mlinganyo ukikataa namna hii, mwanafunzi asijilaumu, aishuku nakala. CO ya kulia anaweza kuitambua kuwa ni CO2, kwa sababu ndiyo pekee inayoipa ile oksijeni mahali. FeO ya kushoto hawezi kuiamua, maana FeO ni kitu cha kweli, na FeO + CO → Fe + CO2 imeshalingana bila kuguswa. Pale alama 2 na 3 zilipodondoka bila kuacha hata kovu, ni mwenye swali tu anayeweza kusema.

Kwa walimu wenzangu, chanzo mara nyingi kiko mikononi mwetu. Mlinganyo ukiingizwa kwenye waraka kama picha au kitu kilichopachikwa, ukinakili maandishi na kuyabandika WhatsApp, maneno yanakwenda na picha inabaki. Namba ndogo za alama maalumu, kama ₂, kwenye baadhi ya simu na kompyuta za steshenari zinageuka vijisanduku vitupu. Tuandike kwa herufi na namba za kawaida za kibodi, `Fe2O3 + CO -> Fe + CO2`, na chini yake tuongeze mstari wa maneno: "oksidi ya chuma (III) na kaboni monoksaidi zinatoa chuma na kaboni dayoksaidi". Fomula ikipotea, maneno yanaijenga upya, na ile (III) inazuia Fe2O3 kugeuka FeO. Kisha tulitume zoezi kwenye simu ya pili kwanza, na kuliangalia huko kabla ya kulipeleka kwa darasa zima.

*Msomaji, Ngamiani, Tanga*