Maneno ya kuandika ili klipu ionekane mkanda wa zamani kweli

*"Wakuu, natumia hizi programu unaandika maelezo zinakutengenezea video. Nataka klipu fupi kama mkanda wa harusi wa miaka ya 90. Nikiandika 'video ya zamani, ina chenga' inaniletea kitu cha kahawia kama picha ya enzi za mkoloni, na nikitaja jina la filamu fulani inakataa au inanakili. Niandikeje?"*

Mkuu, kinachokuangusha hapo ni hilo neno chenga. Sisi kila picha mbovu tunaiita ina chenga, iwe tivii isiyoshika stesheni, iwe sinema ya zamani, iwe mkanda uliochoka, na hiyo programu nayo imeona picha za kila aina zimeitwa "za zamani" kwa hiyo inakuchanganyia zote kwenye sufuria moja. Ile kahawia ni ya picha za mnato za karatasi, haina uhusiano wowote na mkanda wa harusi. Na jina la filamu huhitaji kabisa, maana unachokitaka sio ile filamu, unataka alama zilizoachwa na mashine ya wakati ule. Itaje mashine na utaje ubovu wake, basi.

Mimi miaka ya 90 nilikuwa Tanga kwenye studio moja ndogo ya kurekodi harusi, kazi yangu kubwa ilikuwa kukopi kanda. Deki mbili zimeunganishwa waya, moja inacheza nyingine inarekodi, siku nzima. Kwa hiyo ubovu wa VHS naujua kama ninavyojua ngazi za nyumbani kwetu gizani.

Kitu cha kwanza kabisa ambacho watu wengi wanakosea: ubovu wa filamu unasimama wima, ubovu wa mkanda unalala. Filamu ya milimita 16 inashuka kutoka juu kwenda chini kwenye kamera na kwenye projekta, kwa hiyo kijiwe kidogo kikikwama njiani kinachora mstari wa wima, na ule mstari unakaa hapohapo fremu nyingi mfululizo huku unatetemeka kidogo. Video haiko hivyo. Picha ya tivii inachorwa kwa mistari ya kulala, mfumo wetu wa PAL ni mistari 625, kwa hiyo unga wa mkanda ukibanduka mahali unapoteza kipande cha mstari na unaona kijistari cheupe cha kulala kinapita chap na kupotea. Ukiona klipu ya "VHS" ina mikwaruzo ya wima na vumbi jeusi, ujue aliyeiandika hajawahi kushika deki.

Halafu VHS haina chembe. Chembe ni za filamu, zile punje za kemikali, kila fremu zinakaa mahali tofauti ndo maana ukuta mweupe kwenye filamu unaonekana kama unachemka taratibu. Mkanda unachokuwa nacho ni picha laini iliyofifia kingo, na rangi inayovuja. VHS inahifadhi rangi kwa undani mdogo sana kuliko mwanga, kwa hiyo rangi nyekundu haikai ndani ya mipaka yake, lipstiki ya bibi harusi inatoka pembeni ya mdomo kama amepakwa na mtoto. Na ukikopi kopi ya kopi (kila shangazi alitaka yake) ndo inazidi, uso unabaki macho na weupe wa meno tu.

Sasa nikupe kazi niliyoifanya juzi, nilitaka sekunde 10 za ukumbi, harusi ya mwaka 93 hivi. Mara ya kwanza niliandika kivivu: "harusi ya Tanga miaka ya 90, mkanda wa VHS uliochakaa". Ikaja na mistari ya kulala inapiga skrini nzima mwanzo mwisho kama mvua, na kamera inaelea kama ya droni ya leo. Hapo makosa yalikuwa mawili. La kwanza, sikusema ubovu uko wapi na unatokea lini, ikaumwaga kote. La pili, sikumsema mpiga picha.

Mpiga picha wa siku zile ana kamera begani, ana taa moja kali juu ya kamera, wanaokaa karibu nyuso zinawaka mpaka zinakuwa nyeupe na walio meza ya nyuma ni giza tupu. Anazuumu taratibu mno, akifika usoni fokasi inapotea, inakwenda mbele inarudi nyuma, ndo inashika. Nikaandika upya hivi:

> Ukumbi wa harusi usiku, picha ya uwiano wa 4:3, imerekodiwa na kamera ya VHS ya begani. Taa moja kali iko juu ya kamera, nyuso za karibu zimeungua kwa weupe, nyuma ni giza. Kamera inazuumu polepole kuelekea kwa bibi harusi, fokasi inapotea sekunde moja kisha inarudi. Mwendo ni laini kama wa tivii, sio wa sinema. Nyekundu inavuja pembeni, kingo ni laini, hakuna chembe wala mikwaruzo ya wima. Ukanda mwembamba uliovurugika uko chini kabisa ya picha muda wote. Bibi harusi anapoinua uso, mistari ya kulala inapanda mara moja na kupotea.

Huo ukanda wa chini ni kitu kidogo ila ndo unaowakamata watu. Ni pale vichwa vya deki vinapopokezana kusoma, kwenye tivii za kioo cha tumbo ulikuwa unafichwa na fremu ya tivii, ukihamishia mkanda kwenye kompyuta ndo unauona.

Na kwa nini mistari nimeiweka bibi harusi anapoinua uso na sio pengine? Kwa sababu mkanda hauchakai sawasawa. Pale watu wanaporudisha nyuma kila siku ndo panapoisha, na mbaya zaidi wakisimamisha picha ili wamuonyeshe mgeni, vichwa vinaendelea kuzunguka na kusugua palepale. Kanda zilizorudi studio kwetu zina shida zilikuwa nzima kwenye hotuba ya mjomba dakika 20, zimeliwa kwenye bibi harusi kuingia.

Tarehe ya kwenye kona usiiagize humo, herufi zinaweza kutoka kama za nchi nyingine. Iweke mwenyewe wakati wa kuediti, na ukitaka uhalisia weka Januari mosi hata kama harusi ilikuwa Agosti, nusu ya kamera saa yake haikuwahi kusetiwa.

Kama wewe hadithi yako ni ya miaka ya 60 au 70, hapo achana na mkanda kabisa, VHS yenyewe imetoka Japani 1976 na huku imetufikia baadaye. Hapo ndo unahamia milimita 16: chembe zinazochemka, picha inayoyumba kidogo kwenye dirisha la projekta, mng'ao wa rangi ya chungwa kuzunguka taa, na mwanzo wa shoti fremu mbili tatu zimeungua kwa sababu kamera haijashika kasi. Ukitaka filamu iliyokaa stoo usiandike "imefifia", andika buluu na kijani zimekufa imebaki wekundu wa waridi. Shoti ziwe fupi, kamera nyingi zilikuwa za kujaza kwa mkono kama saa, nusu dakika hivi springi imeisha.

Ukishaijaribu weka klipu hapa tuitazame, nitaanzia kuangalia chini ya picha.