Kampuni mbili, gharama tofauti: nani anauza kiasi gani?

"Bei ni P = 100 − q1 − q2, ambapo q1 na q2 ni kiasi kinachouzwa na kampuni ya kwanza na ya pili. Gharama ya kila kipimo cha ziada ni 10 kwa kampuni ya kwanza, 40 kwa ya pili. Nikiweka q1 = q2 jibu linagoma. Kwa nini?"

Ndugu, q1 = q2 inafaa gharama zikilingana tu. Hapa kila kampuni ina mwitikio wake kwa kiasi cha mwenzake. Faida ya kampuni ya kwanza ni (90 − q1 − q2)q1. Tafuta kinyambuo chake kwa q1 huku q2 ukiishika palepale, kiweke sawa na sifuri, upate:

q1 = (90 − q2)/2

Ya pili, vivyo hivyo:

q2 = (60 − q1)/2

Ingiza ya pili ndani ya ya kwanza: q1 = 30 + q1/4, hivyo q1 = 40 na q2 = 10. Bei ni 50, mgawanyo wa soko asilimia 80 kwa 20.

Hakiki hivi: bei ukitoa gharama ni 40 na 10, sawasawa na viwango vyenyewe. Zisipolingana, umekosea mahali (kipimo hiki kinategemea mteremko wa bei kuwa 1).

La kuvutia zaidi, mwenye gharama kubwa hafukuzwi. Hutoka sokoni gharama yake ikifika 55, ambayo ndiyo bei ya mwenzake akiuza peke yake.