Maswali ya daftari: mwezi wa kalenda na mwezi wa angani

Nifanyeje niwakopeshe wateja bila kupata hasara?

Usikopeshe. Swali hili huja kila wiki, na kila wiki halisemi unauza nini, kwa nani, wala mteja wako anapata fedha siku gani. Ukiyajua hayo matatu, andika tena.

Nina duka mwaloni Igombe. Nawakopesha wavuvi wa dagaa unga, sukari na sigara, tunakubaliana kulipana mwisho wa mwezi. Miezi mingine wanalipa vizuri, mingine wananikwepa. Hii ni tabia au ni nini?

Ni tarehe. Mwisho wa mwezi ni siku ya mwalimu na nesi. Mvuvi wa dagaa anafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti kitu, na mitumbwi mingi hupumzika kama wiki moja hadi siku kumi. Giza likiisha ndipo tajiri wengi, yaani wenye mitumbwi, hupiga hesabu na vijana wao, wakishatoa mafuta, chakula na fedha walizowatanguliza. Fedha inakuwa mfukoni siku mbili tatu, kisha inapanda gari kwenda nyumbani.

Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo mwezi mpevu huwahi kwenye kalenda kwa takriban siku moja kila mwezi. Ukidai tarehe 30, kuna kipindi utaangukia siku ya hesabu, na baada ya miezi michache tarehe hiyo hiyo itaangukia katikati ya mapumziko, mtu ameshamaliza kila kitu. Hakukukwepa kwa ubaya. Ulimfuata mkavu.

Chukua kalenda, zungushia duara siku za mwezi mpevu za mwaka mzima, kisha muulize tajiri wa kila mtumbwi huwa anapiga hesabu siku gani. Siku hiyo ndiyo uiandike juu ya ukurasa wa mteja. Fungua mkopo giza linapoanza, ufunge siku tano kabla ya hesabu ili deni lisiendelee kukua wakati unajiandaa kulikusanya. Wakati wa mbalamwezi usiandike deni jipya. Anayekopa wakati huo anakula giza ambalo bado halijaja, na likija na upepo mbaya, umeshindwa mara mbili.

Jambo lingine ambalo hukuuliza: hesabu mtumbwi mzima kama mteja mmoja. Vijana wanne wenye deni la 20,000 kila mmoja si wateja wanne wazuri wa deni dogo, ni deni moja la 80,000. Injini ikifa, wote wanne wanashindwa kulipa siku moja. Kijana asiye na makazi mwaloni asivuke giza moja bila kufuta deni, kwa sababu kambi ikihama naye anahama. Tajiri akikubali kumdhamini, aweke sahihi kwenye ukurasa wa kijana huyo. Ahadi ya mdomo iliyotolewa ufukweni huishia ufukweni.

Kikomo cha kila mteja nakiwekaje? Mimi huwa nakadiria kwa kumwangalia mtu. (Buhongwa)

Anza na duka, mteja baadaye. Tuseme mtaji wako ni 3,000,000, na ukishuka chini ya 2,400,000 za bidhaa rafu zinaanza kuonyesha mapengo. Basi fedha inayoweza kuwa nje ni 600,000, ya wateja wote kwa pamoja. Ikifika hapo, hata mteja bora kuliko wote anasubiri mwingine alipe. Wauza duka wengi humwekea kila mtu kikomo kizuri, ila hawajumlishi.

Kisha mtu mmoja mmoja. Angalia amenunua kwa fedha taslimu kiasi gani kati ya malipo yake mawili. Mwalimu anayenunua kama 80,000 kwa mwezi, kikomo chake kiwe 40,000. Usimpe yote siku ya kwanza: anza na 10,000, apande akilipa kwa wakati mara mbili mfululizo. Asiyewahi kununua kwako kwa fedha taslimu hana kikomo, hata kama ni shemeji.

Ukiona unaanza kulegea, kumbuka sukari. Kilo uliyonunua 2,700 na kuiuza 3,000 inakupa 300. Kilo moja isipolipwa, faida ya kilo tisa nyingine inakwenda kuziba mtaji wa hiyo moja.

Mteja wangu analipa kila wiki bila kukosa, lakini deni haliishi. Naona aibu kumlaumu mtu anayelipa.

Tazama safu ya salio, achana na safu ya malipo. Anadaiwa 40,000, analeta 15,000, anaondoka na bidhaa za 12,000. Salio ni 37,000. Wiki ijayo vivyo hivyo, 34,000. Ukurasa umejaa malipo, kumbe deni linapungua kwa 3,000 tu, na litachukua wiki kumi na nne kuisha.

Piga mstari chini ya deni la zamani na ulihamishie ukurasa wake. Kila akileta fedha, 10,000 ziende huko kwanza. Zinazobaki anunulie kwa taslimu. Mkopo mpya unafunguka ukurasa wa zamani ukisoma sifuri. Na msomee salio kwa sauti ya chini kabla hujaandika kitu chochote kipya, kila mara, hata kama ana haraka.

Mteja anakataa kuwa alichukua mafuta. Daftari limeandikwa "mafuta 8,000".

Mafuta gani, lita ngapi, nani aliyachukua? Tarehe, bidhaa na kipimo, bei, alicholipa, salio, sahihi: safu sita, na mtoto aliyetumwa aandikwe jina. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka na wote wawili msaini pembeni. Ukurasa uliopakwa wino mweupe haumshawishi mtu, achilia mbali mahakama. Sahihi ina kazi nyingine: dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla haijaisha, hesabu huanza upya.

Nidai vipi bila kuvunja ujirani? (Mabatini)

Siku moja kabla, ujumbe mfupi: "Habari za leo mama. Salio letu ni 23,500, tulisema kesho. Lipa namba ni ile ile." Taja kiasi, taja siku, usiombe radhi. Siku yenyewe nyamaza. Siku ya tatu mwone ana kwa ana pembeni, kamwe si mbele ya wateja wala wanawe, na umuulize ataweza kiasi gani leo. Pokea hata 2,000 na uandike papo hapo. Siku ya saba funga mkopo na mgawanye salio mafungu matatu au manne yenye tarehe, asaini.

Kubandika majina ya wadaiwa ukutani, kushika simu au kadi ya benki ya mtu: acha. Hapo wewe ndiye unayegeuka mshtakiwa.

Wateja wakiomba fedha taslimu badala ya bidhaa, nikiwapa 20,000 wanirudishie 25,000?

Hapo umeacha kuuza duka, umeanza kukopesha fedha kwa riba. Kazi hiyo ina sheria yake, ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na inataka leseni. Mpe unga.