Baba mkubwa aliniuliza, “Nani kaandika?”

Baba mkubwa aliandika kumbukumbu ya rafiki yake marehemu kwa simu, akaniomba niinyooshe kabla hajawatumia ndugu. Ilikuwa aya moja ndefu, bila nukta hata moja. Kipande hiki ndicho kilichonifunza kazi:

“siku hiyo kashika kiti cha baiskeli ana niambia kanyaga nika kanyaga nika kanyaga kumbe kesha niachia zamani mimi nina ongea nae peke yangu kugeuka yuko kule ana cheka”

Nami, kwa kujifanya fundi, nikakigeuza hivi: “Alinishikia kiti cha baiskeli na kuniambia nikanyage. Nilikanyaga kwa muda mrefu bila kujua kwamba alikuwa ameniachia. Nilipogeuka, nilimwona akicheka kwa mbali.”

Akasoma, akasema, “Nzuri. Nani kaandika?”

Kosa langu lilikuwa kwenye vitenzi. “Nikakanyaga, nikakanyaga” nililiona rudio la bure, kumbe ndiyo miguu yenyewe inavyozunguka. Zile “-ka-” zinasukuma kisa mbele. Ukizifanya “-li-” zote, kisa kinageuka taarifa ya polisi. Na “kugeuka, yuko kule” inakugeuza shingo pamoja naye, wakati “nilipogeuka” inakuhadithia tu kwamba shingo iligeuka.

Nikarudi kwenye maneno yake, safari hii nikashika alama, nafasi na tahajia tu:

“Siku hiyo kashika kiti cha baiskeli, ananiambia, ‘Kanyaga!’ Nikakanyaga, nikakanyaga, kumbe keshaniachia zamani! Mimi ninaongea naye peke yangu. Kugeuka, yuko kule, anacheka.”

Hesabu nilichogusa: viambishi vilivyoachana na vitenzi vyao nimeviunganisha, “nae” imekuwa “naye”, na amri ya rafiki nimeitilia alama za kunukuu. Tahajia huwa narekebisha bila woga, maana msomaji akikutana na “hata” badala ya “ata” bado anasikia sauti ileile. Lakini “keshaniachia” sikuigeuza “alikuwa ameshaniachia”, kwa kuwa hapo ningebadilisha mdomo wake, si tahajia.

Kilichobaki ni “kashika” nani? Yeye anamjua, wajukuu hawamjui. Hapo usijaze kwa kukisia, uliza. Nilimpigia, akanitajia jina na jinsi walivyofahamiana, nami nikayaweka mwanzoni kama alivyoyasema, sentensi mbili tu.

Mwisho sikumpa asome. Wazee wengi wakipewa karatasi husema “sawa” kwa heshima ya jasho lako. Nilimsomea kwa sauti, macho yangu usoni pake. Alipotulia nilisonga, palipomfanya akunje uso nilitia alama, na mara zote palikuwa na neno langu lililosalia. Tulipofika “anacheka”, akanikatiza.

“Anacheka mpaka kakaa chini, mwanangu. Hilo sikuandika?”

Hakuwa ameandika. Nikaliongeza hapohapo.