Usiuze vumbi, uza dhahabu iliyomo ndani yake

Wewe unayeanza kuchimba, jambo la kwanza ni hili: vumbi halina bei. Ndani yake kuna mchanga mweusi, unyevu na mara nyingi zebaki iliyobaki, na mnunuzi anayajua hayo yote. Akikadiria kwa macho, atakadiria kwa faida yake. Kwa hiyo likaushe, pitisha sumaku kutoa mchanga mweusi, kisha liyeyushe kwa boraksi mpaka liwe kitonge kimoja. Kama ulitumia zebaki, usiichomee ndani ya nyumba wala jikoni. Mvuke wake ni sumu. Uzito utapungua, na hapo wengi hudhani wameibiwa. Kilichopotea hakikuwa dhahabu.

Sasa pima usafi mwenyewe, kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Pima kitonge kikavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha isome sifuri, funga kitonge kwa uzi mwembamba na ukizamishe chote bila kugusa chini wala pembeni. Namba unayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania, kitikise vitoke, la sivyo dhahabu yako itaonekana duni kuliko ilivyo. Kitonge chenye matundu ndani nacho hudanganya vivyo hivyo, kiyeyushe upya.

Gramu 10 za dhahabu tupu husukuma maji gramu 0.52, na za fedha tupu gramu 0.95. Dhahabu ya mgodini kwa kawaida huchanganyika na fedha, kwa hiyo jibu lako litaangukia katikati. Tuseme kitonge cha gramu 10 kimesukuma 0.58. Toa 0.58 kwenye 0.95, unabaki na 0.37. Gawa kwa 0.43, ambayo ni tofauti ya 0.95 na 0.52: unapata asilimia 86 hivi. Kosa la 0.01 tu hapo linabadilisha jibu kwa asilimia 2 au zaidi kidogo, kwa hiyo rudia mara tatu, na ukiweza subiri upate kitonge kikubwa. Kikiwa na shaba nyingi au metali nyingine, hesabu hii haifai.

Bei ya dunia hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1. Igawe kwa 31.1 upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Tuseme ni 100 ya sarafu yoyote: gramu 10 mara 0.86 mara 100 ni 860. Mnunuzi akitoa 740, anakulipa kama asilimia 86 ya thamani. Ni lazima apate chake, gharama ya kusafisha na safari ipo, lakini muulize kila punguzo ni la nini. Akisema usafi ni asilimia 80 halafu akate tena "kwa sababu si safi", amekata mara mbili kwa kosa moja. Kitonge kikiwa mezani, usikiache kitoke machoni pako, na uzito wake uusome wewe kabla hajataja bei.