Slaidi za Kanzidata Zinapoishia kwenye COMMIT

Mwakilishi mmoja wa darasa ameniandikia akiuliza namna ya kumweleza mhadhiri wao kwamba slaidi za kozi ya kanzidata hazifikii muhtasari wa somo. Kazi hiyo niliifanya muhula uliopita, orodha yangu ya mada zilizokosekana ikakubaliwa na slaidi zikaongezwa. Najivunia hilo, kwa kuwa kabla yake mhadhiri mwingine alinijibu mbele ya wenzangu kwamba mwanafunzi hapangi somo, na neno lile bado linaniuma.

Someni kitenzi cha muhtasari, si jina la mada peke yake. Muhtasari wetu ulimtaka mwanafunzi aeleze sifa za muamala na atumie kufuli kulinda data pale miamala miwili inapoendeshwa kwa pamoja. Slaidi zilikuwa na kichwa "Miamala", zikaeleza COMMIT na ROLLBACK, zikaishia hapo. Anayelinganisha vichwa ataona mada imefundishwa, lakini anayelinganisha vitenzi ataona kwamba "kutumia" hakupo kabisa.

Pengo hilo nililionyesha kwa mfano. Akaunti ina salio la shilingi 50,000. Muamala wa kwanza unataka kutoa 20,000 na wa pili 30,000, na yote miwili inasoma 50,000 kabla ya mmoja wao kuandika. Wa kwanza unaandika 30,000, kisha wa pili unaandika 20,000 juu yake. Zimetoka shilingi 50,000, lakini akaunti bado inaonyesha 20,000. Kila muamala umefanya COMMIT bila hitilafu, kwa hiyo aliyesoma slaidi zile tu hawezi kueleza kosa liko wapi.

Nyongeza niliyopendekeza ilikuwa slaidi ya mfano huo, ikifuatwa na ya suluhisho:

```sql
BEGIN;
SELECT salio FROM akaunti
WHERE id = 7 FOR UPDATE;
```

FOR UPDATE huifunga akaunti hiyo, hivyo muamala wa pili ukitoa amri hiyo hiyo, utasubiri hadi wa kwanza umalize, ndipo usome 30,000 na kuacha sifuri. Niliomba zoezi lifanyike kwa madirisha mawili ya kanzidata yaliyofunguliwa pamoja, maana anayesahau BEGIN hataona kusubiri kokote: kufuli huachiliwa mara tu amri inapokwisha.

Slaidi ya tatu ilihusu mkwamo, yaani muamala mmoja kushika akaunti 7 ukingojea 9, huku mwingine umeshika 9 ukingojea 7. Dawa yake ni kila muamala kufunga akaunti kwa mpangilio mmoja, namba ndogo kwanza.

Basi msimwandikie mhadhiri kwamba slaidi hazitoshi, kwani hiyo ni lawama isiyompa cha kufanya. Nukuuni sentensi ya muhtasari, tajeni slaidi ambayo nyongeza itaifuata, kisha ambatisheni mfano uliokamilika. Kabla ya kutuma, kagueni karatasi za maabara, na mada iliyokwisha kufundishwa huko iondoeni kwenye orodha.